Shajara ya mradi: faharasa iliyosimbwa, na kile ambacho seva inaendelea kukijua

Jumatatu. Tunachojenga

Hifadhi yetu ya hati inasimbwa kwenye kifaa cha mtumiaji kabla haijapelekwa kwenye seva. Ufunguo hauondoki kwenye kifaa. Mpaka hapo kila kitu ni cha kawaida, na shida inaanza mtumiaji anapotaka kuandika neno moja na kuletewa hati zenye neno hilo, bila kupakua hifadhi nzima na kuisimbua. Seva inatakiwa ilinganishe swali isilolielewa na hati isizoweza kuzisoma, kisha irudishe jibu sahihi.

Kwamba jambo hili linawezekana si habari mpya. Dawn Song, David Wagner na Adrian Perrig walionyesha njia mwaka 2000: kila neno la hati linasimbwa peke yake kwa namna ambayo seva, ikipewa tokeni ya neno fulani, inaweza kupima kila nafasi na kusema "hapa lipo" au "hapa halipo". Ubaya wake ni kwamba seva inapita nafasi moja moja, na hifadhi ikikua mara kumi, kila utafutaji nao unachelewa mara kumi. Mwaka 2006 Curtmola, Garay, Kamara na Ostrovsky waliweka msingi ambao karibu kila mtu anaufuata hadi leo. Badala ya kupekua hati, seva inashika faharasa iliyosimbwa, yaani orodha ya maneno na hati zake, na muda wa utafutaji unategemea idadi ya majibu tu. Waliandika pia bila kuficha ni nini kinavuja: seva inajua hati zipi zimerudishwa, na inajua kama swali la leo ni lilelile la jana.

Mradi huu nimeujenga juu ya sentensi hiyo ya mwisho. Kuandika faharasa si kazi kubwa. Ninachotaka kukijua ni huo uvujaji una thamani gani kwa aliyekaa upande wa seva, kwa hiyo nimeweka kanuni moja: seva yetu ya majaribio inaandika kila inachokiona katika faili moja, tunaiita daftari la seva, na kila hatua ya mradi inaishia kwa kulisoma daftari hilo tukijifanya ndio adui.

Jumanne. Hati kumi na maneno sita

Kwa majaribio nimechukua hifadhi ndogo ambayo mtu anaweza kuikagua kwa kalamu. Matokeo ya hifadhi ya maelfu ya hati hujificha ndani ya wastani, na mimi nataka kuona kila jozi kwa macho. Hati ni 10, na maneno yanayotafutika ni haya:

```
bajeti      1 2 3 5 8 9
mkataba     2 4 7 9
mishahara   1 3 5 10
likizo      3 6 10
kesi        4 7
safari      6 8
```

Jumla ni jozi 21 za neno na hati. Muundo ni ule mwepesi uliotolewa na Cash na wenzake mwaka 2014. Kwa kila neno, kifaa kinatengeneza funguo mbili kutoka kwenye ufunguo mkuu. Ufunguo wa kwanza unatoa lebo: lebo ya jibu la kwanza, la pili, la tatu. Wa pili unasimba namba ya hati. Jozi zote 21 zinachanganywa na kutupwa katika kamusi moja, lebo upande huu na namba iliyosimbwa upande ule. Akitafuta, mtumiaji anapeleka zile funguo mbili za neno lake, na hizo ndizo tokeni. Seva inafanya hivi:

```python
def tafuta(D, k1, k2):
    c, majibu = 0, []
    while (lebo := prf(k1, c)) in D:
        majibu.append(simbua(k2, D[lebo]))
        c += 1
    return majibu
```

`prf` hapa ni HMAC-SHA-256. Asiye na `k1` hawezi kutofautisha lebo zake na takataka za bahati nasibu. Seva inahesabu lebo ya 0, ya 1, ya 2, mpaka ikose, na kukosa huko ndiko kunakoiambia kwamba orodha imekwisha. Namba za hati zilizomo ndani ya faharasa si 1 hadi 10. Zimebadilishwa kuwa namba za nasibu, ili seva isijue mpangilio wa asili.

Jambo moja la pembeni ambalo hugharimu watu muda: seva inalinganisha herufi kwa herufi, na haina huruma. "Mkataba" na "mikataba" zinazaa tokeni mbili zisizojuana kabisa, kama "mkataba" na "kesi". Kazi ya kurudisha neno kwenye umbo lake la msingi lazima ifanyike kwenye kifaa, wakati wa kuandika faharasa na wakati wa kutafuta, kwa kanuni ileile. Ukisahau upande mmoja, utafutaji unarudi mtupu bila kosa lolote kuonekana mahali popote, kwa kuwa kwa seva lebo isiyokuwepo ni jibu halali.

Daftari la seva kabla ya swali la kwanza lina mstari mmoja: viingizo 21. Basi. Haijulikani maneno ni mangapi, wala lipi lina hati nyingi. Mtu akiiba diski usiku huu anapata namba 21 na urefu wa kila hati iliyosimbwa. Hapa usimbaji unatimiza ahadi yake kikamilifu.

Jumatano. Maswali sita

Leo nimetafuta kila neno mara moja, kwa mpangilio wa ovyo, kisha nikalifungua daftari. Kila tokeni nimeipa herufi:

```
P   majibu 4
Q   majibu 2
R   majibu 6
S   majibu 3
T   majibu 4
U   majibu 2
```

Pamoja na idadi, seva inazo namba za nasibu za hati zenyewe, kwa hiyo inaweza kuhesabu tokeni mbili zinashirikiana hati ngapi.

Sasa tuseme seva inajua hati hizi kwa njia nyingine. Hili si jambo la ajabu. Barua zilizotumwa kwa watu wengi, hati zilizokuwa kwenye seva kabla usimbaji haujaanza kutumika, matangazo ya hadharani: yote hayo ni maandishi ambayo adui anaweza kuwa nayo. Akiwa nayo anatengeneza jedwali lilelile la jana, ila kwa maneno wazi, na kazi yake inabaki kuoanisha jedwali mbili.

R ina majibu 6. Neno lenye hati 6 ni "bajeti" peke yake. R imekwisha. S ina majibu 3, na lenye 3 ni "likizo" peke yake. S nayo imekwisha. Hizi mbili hazikuhitaji akili yoyote, idadi ilitosha.

Zinabaki P na T zenye majibu manne, ambazo ni "mkataba" na "mishahara", na hatujui ipi ni ipi. Hapo ndipo hati za pamoja zinapoingia. "Bajeti" tunaijua tayari. Katika maandishi wazi, "mkataba" na "bajeti" zinakutana kwenye hati 2 na 9, yaani mara mbili. "Mishahara" na "bajeti" zinakutana kwenye 1, 3 na 5, mara tatu. Daftari linasema P na R zina hati tatu za pamoja, T na R zina mbili. Kwa hiyo P ni "mishahara", T ni "mkataba". Q na U vilevile: "kesi" haikutani na "bajeti" hata mara moja, "safari" inakutana nayo mara moja kwenye hati ya 8. Daftari linaonyesha Q haina ya pamoja na R, U ina moja. Q ni "kesi", U ni "safari".

Maneno yote sita yamejulikana, na hakuna hata herufi moja iliyosimbuliwa. HMAC iko salama kabisa. Kilichotoa siri ni umbo la majibu.

Njia ya kutumia hati za pamoja iliandikwa na Islam, Kuzu na Kantarcioglu mwaka 2012. Ile ya kuanza na idadi za kipekee kisha kusonga mbele kwa hati za pamoja ni ya Cash, Grubbs, Perry na Ristenpart, 2015, na waliijaribu juu ya barua pepe za kampuni ya Enron zilizotolewa hadharani. Ukisoma matokeo yao, angalia sharti lake. Shambulio lina nguvu sana adui anapozijua karibu hati zote, na nguvu hiyo inaporomoka anapojua sehemu ndogo tu. Kwangu hilo linatoa swali la kubuni lililo wazi: je, kuna mtu aliyewahi kuziona hati hizi kabla hazijasimbwa? Hifadhi iliyohamishwa kutoka seva ya wazi kwenda seva hiyohiyo ikiwa imesimbwa imempa adui jedwali lake bure.

Alhamisi. Kujaza bandia

Dawa inayopendekezwa kwanza ni kuficha idadi kwa kuongeza majibu ya uongo. Nimejaza kila orodha mpaka ifike kigawe cha 4: "bajeti" inakuwa 8, maneno mengine matano yote yanakuwa 4. Faharasa imepanda kutoka viingizo 21 hadi 28. Gharama si mbaya.

Kuna kosa ambalo hufanya zoezi zima liwe bure, nalo ni kujaza kwa namba za hati zisizokuwepo. Seva inarudisha namba, kifaa kinaomba hati, na hati za uongo haziombwi kwa sababu hazipo. Daftari linarekodi maombi hayo, na idadi ya kweli inarudi mezani. Majibu ya uongo lazima yawe hati halisi ambazo kifaa kitazipakua na kuzitupa. Ndiyo, unalipia mtandao kwa takataka, na hakuna njia ya mkato.

Sasa nini kimebaki kwa adui? "Bajeti" bado iko wazi kwa sababu ni peke yake yenye 8. Hayo ndiyo maumbile ya lugha: maneno machache yanatokea sana na yana nafasi kubwa kati yao, kwa hiyo juu ya orodha kujaza hakuwakusanyi wengi pamoja. Na ukishamshika mmoja wa juu, yeye ndiye mzizi wa kuhesabia wengine.

Kuhusu hati za pamoja, mwenzangu anayeshughulikia seva alikuwa na hakika kwamba kujaza kwa nasibu kunavuruga hesabu. Nikamwambia, "Ndugu, kujaza kunaongeza tu, hakupunguzi." Tukakaa tukaifuata kwa mkono. "Bajeti" imeongezewa hati mbili kutoka nne ambazo haikuwa nazo: 4, 6, 7 na 10. Tuseme bahati imeangukia 6 na 10. "Mishahara" sasa inakutana na "bajeti" kwenye hati nne, "mkataba" imebaki na mbili. Adui akiona tokeni yenye hati mbili tu za pamoja na R anajua kwa hakika kwamba si "mishahara", kwa kuwa "mishahara" haiwezi kushuka chini ya tatu zake za kweli. Lakini bahati ikiangukia 4 na 7, "mkataba" inapanda hadi nne, "mishahara" inabaki na tatu, na hesabu hiyo haimfukuzi yeyote kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo alikuwa na haki nusu. Kujaza kunageuza usawa kuwa ukomo wa chini, na adui anatoka kwenye "sawa na 3" kwenda "isiyopungua 3". Kwa maneno sita huo ni ulinzi wa bahati nasibu. Kwa maelfu ya maneno adui ana maelfu ya ukomo wa aina hiyo kwa kila tokeni, na haihitaji yote yawe na faida.

Kujaza hadi mwisho kungekuwa kuzipa orodha zote urefu wa ile ndefu kuliko zote: 6 mara 6, viingizo 36. Hapa inavumilika. Katika hifadhi ambayo neno moja liko ndani ya nusu ya hati, kila swali, hata la neno lililotokea mara moja, litarudisha nusu ya hifadhi.

Ijumaa. Mtu anapoweza kukutumia barua

Mpaka sasa adui wetu anasubiri na kusoma. Leo amepewa uwezo wa kuandika. Kama hifadhi inapokea barua pepe na kuziingiza kwenye faharasa yenyewe, mtu yeyote anayejua anwani anaweza kuingiza hati anazozitaka. Zhang, Katz na Papamanthou walilifanyia kazi hili mwaka 2016, na kwa maoni yangu ndilo tokeo linalotisha kuliko yote katika uwanja huu, kwa sababu halihitaji kujua hati yoyote ya mtumiaji.

Maneno yanapewa namba, kisha kila faili la kupenyeza linabeba maneno ambayo tarakimu yake fulani, katika mfumo wa mbili, ni 1:

```
bajeti     1   001
mkataba    2   010
mishahara  3   011
likizo     4   100
kesi       5   101
safari     6   110

Faili A (tarakimu ya kwanza):  likizo, kesi, safari
Faili B (tarakimu ya pili):    mkataba, mishahara, safari
Faili C (tarakimu ya tatu):    bajeti, mishahara, kesi
```

Seva inatuma barua tatu. Kifaa kinazisimba na kuzirudisha, na seva inazitambua kwa saa zilipoingia na urefu wake, hata kama namba ni za nasibu. Kisha inasubiri. Tokeni Q inakuja, na miongoni mwa majibu yake zimo A na C, B haimo. Hiyo ni 101, yaani 5, yaani "kesi". Hakuna kukisia na hakuna takwimu. Tokeni isiyorudisha faili lolote kati ya hayo matatu ni neno lililo nje ya orodha.

Faili tatu zinatosha maneno 7. Kwa maneno 10,000 zinahitajika 14, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 13 ni 8,192 na kwa kipeo cha 14 ni 16,384. Nyingi kati yake zitabeba takriban nusu ya maneno yote, na barua yenye maneno tofauti 5,000 inajitangaza yenyewe. Tukaweka sheria kwenye kifaa: hati yenye maneno tofauti zaidi ya 200 haiingizwi. Nikahesabu ni nini kinabaki. Adui anagawa maneno 10,000 katika mafungu 25 ya maneno 400. Kila fungu linahitaji faili 9, na ukiyapa maneno namba 1 hadi 400, hakuna tarakimu inayokusanya zaidi ya maneno 200. Jumla ni faili 225. Sheria imempandishia gharama kutoka 14 hadi 225, na kwa mtu anayetuma barua za matangazo kila siku hiyo si gharama. Tena sheria inatunyima sisi hati ndefu za halali. Nimeiondoa.

Kujaza bandia nako hakusaidii sana hapa. Ili B isingiziwe kuwa jibu la Q, bahati lazima ichague faili hilohilo kati ya hati zote za hifadhi.

Jumamosi. Tokeni ya zamani isifungue kipya

Muundo wa Jumanne una udhaifu mwingine ambao unaonekana hati mpya inapoongezwa. Seva imeshapewa `k1` ya "kesi" na inajua iliishia kwenye lebo ya 1. Inaweza kuhesabu lebo ya 2 na kuisubiri. Siku hati mpya yenye neno "kesi" itakapoingia, lebo hiyo itatokea kwenye kamusi na seva itajua papo hapo, bila mtu yeyote kutafuta. Kwenye daftari hili ni rahisi kulipima: chukua tokeni zote za zamani, zirudie baada ya kila nyongeza, uone kama kuna iliyopata jibu jipya. Kwetu zilipata zote.

Hii inampa mpenyezaji wa jana nafasi ya kufanya kazi kwa awamu. Anatuma faili moja, anajaribu tokeni za zamani, na kulingana na jibu anaamua faili linalofuata liwe na maneno gani. Maswali ya miezi iliyopita yanafunguka leo.

Dawa yake inaitwa faragha ya mbele. Raphaël Bost alitoa mwaka 2016 muundo unaotumia kanuni ya RSA upande mmoja: kifaa kinaweza kusogea kwenda hali inayofuata ya neno, seva inaweza kurudi nyuma tu. Sisi tumechagua njia nyepesi zaidi. Kila neno lina namba ya zamu, na funguo mbili zinatengenezwa kutoka kwenye neno pamoja na zamu hiyo. Neno likishatafutwa, zamu inaongezeka kwa moja, na hati zitakazokuja zinaandikwa chini ya funguo mpya ambazo seva haijawahi kupewa. Utafutaji unaofuata unapeleka tokeni za zamu zote, na seva inaunganisha.

Bei yake iko kwenye kifaa, ambacho sasa lazima kikumbuke kwa kila neno zamu na hesabu ya viingizo. Mtumiaji mwenye vifaa viwili lazima avipatanishe. Vikitofautiana, kifaa kimoja kitaandika juu ya lebo ya mwenzake na hati itapotea kwenye utafutaji kimyakimya. Tumeifanya seva ikatae kuandika juu ya lebo iliyopo na kurudisha kosa, hivyo angalau mgongano unaonekana.

Baada ya mabadiliko nimerudia kipimo: tokeni za zamani hazikupata kitu. Kisha nikarudia shambulio la Ijumaa lilivyo, faili tatu zikiingia kabla ya swali, na "kesi" ikajulikana tena. Lazima iwe hivyo, kwani swali jipya linapaswa kurudisha hati zote, za adui zikiwemo. Faragha ya mbele inalinda maswali yaliyopita, haina la kusema kuhusu yajayo.

Kufuta hati nako kuna suala lake la kioo, faragha ya nyuma, ambalo Bost, Minaud na Ohrimenko walilipanga kwa ngazi mwaka 2017. Hifadhi yetu haifuti, kwa hiyo nimepita.

Jumapili. Diski iliyoibiwa, mara ya pili

Jumanne nilisema mwizi wa diski anapata namba 21 na urefu wa hati tu. Hilo ni kweli kabla ya swali la kwanza. Grubbs, Ristenpart na Shmatikov walionyesha mwaka 2017 kwamba hifadhidata za kawaida huacha maswali ya zamani kila mahali: kumbukumbu za maombi, akiba ya muda, takwimu za utendaji. Tokeni iliyobaki kwenye faili la kumbukumbu ni tokeni inayofanya kazi, na mwizi anairudia nyumbani kwake juu ya nakala ya faharasa kwa utulivu wote.

Tokeni zetu zinapita ndani ya mwili wa ombi la `POST`, si kwenye anwani, kwa sababu anwani ndiyo seva za wavuti huandika bila kuulizwa. Kumbukumbu ya maswali yaendayo polepole imezimwa kwenye hifadhidata. Na kipimo kimeingia kwenye majaribio ya kila usiku: tafuta neno la majaribio, chukua tokeni yake, kisha

```
grep -rFc "$TOKENI" /var/log /var/lib/hifadhi | grep -v ':0$'
```

Ikirudisha mstari wowote, toleo halipiti. Kipimo hiki hakioni tokeni iliyoandikwa kwa umbo lingine, kwa mfano baiti ghafi badala ya herufi, kwa hiyo tunakiendesha kwa maumbo yote mawili.

Jumatatu tena. Uamuzi

Mwenzangu ameuliza kwa nini tusitumie ORAM, inayoficha hata ni sehemu gani ya hifadhi inayosomwa, tumalize mjadala. Inaficha mahali, ni kweli, lakini kwa gharama inayokua kadiri hifadhi inavyokua, na haifichi wingi. Neno lenye majibu 6 bado litasogeza data ya majibu 6. R na S zilianguka Jumatano kwa idadi peke yake, na zingeanguka hivyohivyo chini ya ORAM isipokuwa tujaze kila jibu hadi kiwango cha juu, na bei ya hilo tumeshaiona Alhamisi.

Kwa hiyo nimerudi kwenye swali ambalo watu hulipita haraka: hifadhi yenyewe ni kubwa kiasi gani? Chukua hati 50,000, kila moja na maneno tofauti 100. Hizo ni jozi milioni 5. Kwenye seva, kwa lebo ya baiti 16 na namba iliyosimbwa ya baiti 16, ni megabaiti 160. Lakini faharasa hiyohiyo ikiwa wazi ndani ya kifaa, namba ya hati kwa baiti 4, ni megabaiti 20 pamoja na orodha ya maneno, na bado haijabanwa. Kifaa kinaweza kuipakua ikiwa imesimbwa kama faili moja la kawaida, kuisimbua na kutafuta ndani yake. Seva haioni swali wala tokeni. Inaona tu hati iliyofunguliwa mwishoni, na mara nyingi mtu hufungua moja au mbili kati ya zote zilizojibu.

Hilo ndilo toleo la kwanza litakalotoka. Faharasa inakaa kwenye kifaa, nyongeza zinapelekwa kama vipande vidogo vilivyosimbwa, na utafutaji wa upande wa seva unawashwa tu kwa hifadhi zilizozidi megabaiti 200 za faharasa ya wazi. Kwa hizo, faragha ya mbele ni lazima, kujaza hadi kigawe kunabaki, na barua kutoka kwa watumaji wasiojulikana zinaingia kwenye faharasa ya pili yenye ufunguo wake, ambayo haiguswi mpaka mtumiaji achague kutafuta humo.

Faharasa hiyo ya pili bado sijaipenda. Mtumiaji akitafuta neno lilelile kwenye zote mbili kwa mfuatano, seva itaona tokeni mbili zilizofuatana kwa sekunde chache na kuziunganisha kwa saa, na anachojifunza mpenyezaji upande mmoja kitahamia upande wa pili. Nimeanza kuandika jaribio la kuchelewesha swali la pili, na kwanza nataka kuona kwenye daftari ni ucheleweshaji wa kiasi gani unaovunja uunganisho huo watumiaji wengi wanapotafuta kwa wakati mmoja.